Damu ya Milimani Isomwe kwa Kipimo cha Milimani

Tarafa ya Usangi, katika Milima ya Upare Kaskazini wilayani Mwanga, imeinuka mamia ya mita juu ya tambarare inayoshuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na vijiji vyake vingi viko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ina asilimia 21 ya oksijeni sawasawa na hewa ya Tanga au Dar es Salaam, ila uzito wa hewa iliyo juu yake umepungua, na kwa hiyo msukumo unaoiingiza oksijeni mapafuni na kutoka humo katika damu umepungua pia. Ufukweni, hewa ikishaingia puani na kulowanishwa na unyevu wa koo, oksijeni huwa na msukumo wa takribani milimita 150 za zebaki, ilhali kwenye mwinuko wa mita 1,300 msukumo huo hushuka hadi karibu 127. Pengo hilo, ambalo ni kama asilimia 15, halimfanyi mwenyeji wa Usangi ahisi lolote anapopanda kilima na mzigo wake, lakini seli za figo zake hulitambua na kulijibu kwa kuagiza damu nyingi zaidi, na jibu hilo hudumu maisha yote anayoishi mlimani. Hoja ya makala haya ni kwamba kliniki inayosoma wingi wa damu wa mtu huyo kwa kiwango kilichowekwa kwa watu wa usawa wa bahari humsoma isivyo, na kwamba kosa hilo halionekani kwa sababu nambari inayopatikana huwa inapendeza.

Jambo la kwanza la kueleza ni namna mwili unavyoweza kutambua pungufu dogo kiasi hicho, kwa kuwa kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni katika damu kwa kawaida kitaonyesha asilimia 95 au zaidi kwa mtu mwenye afya wa Usangi, na mhudumu ataandika kwamba hali ni nzuri. Kazi ya utambuzi wa muda mrefu imewekwa katika figo, ndani ya seli zilizopo kati ya mirija midogo inayochuja mkojo, hasa pale sehemu ya nje ya figo inapokutana na sehemu ya ndani. Mahali hapo panafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu figo hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na matumizi yake ya oksijeni hupanda na kushuka pamoja na damu inayoifikia, kwa kuwa damu ikiongezeka huongezeka pia chumvi ya kuchuja na kurudisha. Matokeo yake ni kwamba mtiririko wa damu ukibadilika uwiano hauvurugiki sana, na kinachobaki kupimwa ni kiasi cha oksijeni ambacho damu yenyewe imebeba. Seli hizo zikiona upungufu hutoa homoni iitwayo erithropoetini, ambayo husafiri hadi kwenye uboho wa mifupa na kuziokoa seli changa za damu nyekundu ambazo vinginevyo zingekufa kabla ya kukomaa.

Kwa miaka mingi wanasayansi waliijua homoni hiyo bila kujua seli inayoitoa huhisi nini hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Gregg Semenza wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore alionyesha kwamba kuna kipande cha vinasaba kando ya jeni la erithropoetini ambacho hushikwa na protini fulani pale tu oksijeni inapopungua, na protini hiyo akaiita HIF, kifupisho cha maneno yenye maana ya kiwashio cha jeni kinachochochewa na upungufu wa oksijeni. Peter Ratcliffe wa Oxford, naye, alithibitisha jambo ambalo wengi hawakulitarajia, kwamba uwezo huo wa kuhisi oksijeni haumo katika figo na ini peke yake bali umo katika karibu kila seli ya mwili. Kutoka Boston, William Kaelin aliingia katika suala hili kwa mlango wa ugonjwa, kwani alikuwa akichunguza familia zinazorithi kasoro ya jeni liitwalo VHL, ambazo watu wake hupata uvimbe wenye mishipa mingi ya damu na saratani ya figo, kana kwamba seli zao zinaamini daima kuwa zimekosa hewa. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019, na kiini cha kazi yao ni tukio moja la kikemia linalostahili kuangaliwa kwa karibu.

HIF imeundwa na vipande viwili. Kipande cha beta hukaa ndani ya kiini cha seli wakati wote, na hakijali hali ya hewa. Kipande cha alfa hutengenezwa mfululizo, usiku na mchana, na katika seli yenye oksijeni ya kutosha huharibiwa mfululizo vilevile, hata nusu yake hutoweka ndani ya dakika zisizozidi tano tangu itengenezwe. Utaratibu huo unaweza kuonekana kuwa ni ubadhirifu, lakini una faida moja kubwa, nayo ni kwamba seli haihitaji kuanza kutengeneza kiwashio baada ya hatari kufika. Inatosha kuacha kukiharibu, na dakika chache baadaye kimeshajaa.

Uharibifu huo huanza na alama. Katika mnyororo wa HIF-alfa kuna sehemu mbili, zilizo kwenye nafasi ya 402 na ya 564, zenye asidi amino iitwayo prolini. Kimeng'enya kinachofupishwa PHD, ambacho mwilini kina aina tatu na ya pili ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, huchukua molekuli ya oksijeni na kuipasua, atomu moja kikaipachika kwenye prolini na ya pili kikaipachika kwenye kiambata kingine kiitwacho oksoglutareti, ambacho hapo hapo hugeuka kuwa suksineti na kutoa kaboni dayoksaidi. Prolini iliyopachikwa atomu hiyo husemwa kuwa imetiwa haidroksili, yaani imepata jozi ya oksijeni na haidrojeni, na jozi hiyo ndogo huingia barabara katika kishimo kilicho juu ya protini ya VHL. Bila jozi hiyo VHL haiishiki HIF-alfa. Ikiwepo, huishika mara moja, huifunga mnyororo wa protini ndogo ziitwazo yubikwitini, na HIF-alfa hupelekwa kwenye chombo cha seli kinachokatakata protini zilizohukumiwa. Vikundi vya Kaelin na Ratcliffe vilichapisha ugunduzi huo kwa wakati mmoja mwaka 2001, na kutokana nao ikaeleweka kwa nini familia zenye kasoro ya VHL huishi kana kwamba hewa imekatika: alama huwekwa kama kawaida, lakini hakuna wa kuisoma.

Kinachokifanya kimeng'enya cha PHD kuwa kipimo, na si kitendea kazi tu, ni udhaifu wake wa kuishika oksijeni. Vimeng'enya vingi vinavyotumia oksijeni, hasa kile cha mwisho katika upumuaji wa seli, huishika kwa nguvu kiasi kwamba huendelea kufanya kazi kwa kasi ile ile hata oksijeni ikishuka sana. PHD ni kinyume chake, kwani ili kifike hata nusu ya kasi yake kinahitaji oksijeni nyingi kuliko ile inayopatikana kwa kawaida ndani ya tishu, na kwa sababu hiyo hakifiki kamwe mahali pa kushiba. Oksijeni ikipungua kidogo, kasi ya kuweka alama hupungua kidogo; ikipungua sana, alama hupungua sana. Hakuna kizingiti ambacho juu yake mwili hukaa kimya, na ndiyo maana mwinuko wa wastani kama wa Usangi, ambao hakuna daktari anayeuhesabu kuwa wa hatari, bado huacha alama yake katika damu.

HIF-alfa iliyonusurika huingia katika kiini cha seli, huungana na beta, na kwa pamoja huzishika jeni nyingi na kuziwasha. Katika seli ya kawaida iliyokosewa hewa hasa, kama ile ya msuli ambao mshipa wake umeziba, jeni zinazowashwa ni za kuingiza sukari kwa wingi, za kuivunja sukari hiyo bila oksijeni, za kupunguza mzigo wa vinu vya nishati vya seli ili oksijeni kidogo iliyopo isiishe, na za kuita mishipa mipya ya damu. Katika figo, ambako aina ya pili ya HIF-alfa ndiyo hutawala, jeni kuu ni la erithropoetini. Mtu wa pwani anapohamia mahali pa juu vya kutosha, homoni hiyo huanza kupanda ndani ya saa chache, hufika kileleni baada ya siku moja au mbili, kisha hushuka kuelekea kiwango chake cha awali kadiri damu inavyoongezeka. Kinachobaki ni kiwango kipya cha himoglobini, ambayo ndiyo protini ya damu inayobeba oksijeni na ndiyo inayopimwa pale mama anapoambiwa kliniki kwamba damu yake ni 12 au 13, yaani gramu 12 au 13 kwa desilita.

Hapo ndipo nambari inapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu pale himoglobini yake inapokuwa chini ya gramu 12 kwa desilita, lakini kiwango hicho ni cha usawa wa bahari, na kwa anayeishi juu zaidi sehemu fulani hutolewa kwanza kwenye kipimo chake kabla ya kulinganisha. Mwongozo wa zamani ulianza kutoa kwenye mita 1,000, tena kidogo mno: gramu 0.2 hapo, na 0.5 kwenye mita 1,500. Mwongozo mpya wa mwaka 2024 huanza kutoa tangu mita 500, na kwa mwinuko wa kati ya mita 1,000 na 1,499 hutoa gramu 0.8, na kati ya 1,500 na 1,999 hutoa 1.1.

Ichukuliwe hali ya mama wa kufikirika anayeishi Usangi kwenye mita 1,300, ambaye anachoka upesi na kipimo cha tone la damu kimetoa 12.5. Kwa kiwango cha pwani yu mzima na atarudishwa nyumbani. Kwa mwongozo wa zamani kipimo chake kitashuka hadi kati ya 12.0 na 12.3, bado yu mzima. Kwa mwongozo wa 2024 kitasomwa 11.7, naye atahesabiwa kuwa na upungufu hafifu wa damu. Damu ni ile ile moja. Kilichobadilika ni kutambua kwamba mwili wake, kwa hewa anayovuta, ulikusudia kufika mbali zaidi ya 12.5 na haukufika. Kwa mjamzito na kwa mtoto viwango vya kuanzia ni vingine, lakini kitolewacho kwa ajili ya mwinuko ni kile kile, kwa hiyo hali hii hujirudia kwenye kila kadi ya kliniki inayojazwa Usangi, Ugweno, Chome au Suji.

Sababu ya kutofika mara nyingi ni madini ya chuma, na hapa kemia iliyoelezwa juu inarudi kwa namna nyingine, kwa kuwa katikati ya kimeng'enya cha PHD kuna atomu moja ya chuma, na bila hiyo oksijeni haipasuliwi. Mtu angetarajia basi kwamba aliyepungukiwa na chuma, ambaye vimeng'enya vyake vimezorota na HIF yake imejaa, atengeneze damu nyingi zaidi. Mwili una kizuizi dhidi ya jambo hilo: chuma kinapokuwa haba, protini nyingine ya seli hushika ujumbe wa kutengenezea HIF-alfa ya figo na kuupunguza kasi, ili uboho usiagizwe kutengeneza chembe ambazo hazitakuwa na chuma cha kujaza ndani yake. Wakati huo huo HIF ya ukuta wa utumbo huongeza milango ya kufyonza chuma kutoka katika chakula. Mwenyeji wa mlimani aliyepungukiwa na chuma anavutwa hivyo pande mbili, hewa ikidai damu zaidi na chuma kikikataza, na kipimo chake hutua mahali pa katikati ambapo huonekana pa kawaida kwa anayesoma kwa macho ya pwani.

Makande, chakula ambacho Upare unajulikana kwacho, yanafaa kutajwa hapa. Mahindi na maharage yana chuma, lakini yana pia asidi ya fitiki ambayo hukishika chuma hicho na kukipitisha tumboni bila kufyonzwa, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huongeza kizuizi. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa hupoteza sehemu ya fitiki, na chungwa au pera linaloliwa pamoja na makande hukiweka chuma katika hali ambayo utumbo unaweza kukipokea. Milango iliyofunguliwa na HIF katika utumbo haina faida kubwa ikiwa chuma kinachoifikia kimefungwa.

Kuna mapingamizi matatu yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba damu nyingi ya watu wa milimani huenda haitokani na hewa bali na uchache wa malaria. Pingamizi hili lina uzito, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Chris Drakeley na wenzake, uliopima vijiji kutoka chini kwenda juu katika Rombo, Upare Kaskazini, Upare Kusini na Usambara Magharibi, ulionyesha jinsi maambukizi ya malaria yanavyopungua kadiri mwinuko unavyoongezeka, na kila anayelinganisha damu ya Lembeni, chini tambarare, na damu ya Usangi analinganisha vitu viwili kwa pamoja. Lakini marekebisho ya Shirika la Afya hayakutokana na ulinganisho wa namna hiyo peke yake, na kwa vyovyote uchache wa malaria ni sababu ya kutarajia himoglobini ya juu zaidi mlimani, si sababu ya kuridhika na ya chini.

La pili ni kwamba watu wa milima mbalimbali hawajibu hewa kwa namna moja. Hilo ni kweli, na mfano mzuri uko Ethiopia, ambako Cynthia Beall na wenzake waliripoti mwaka 2002 kwamba Waamhara wanaoishi kwenye mita 3,530 walikuwa na himoglobini ya wastani wa gramu 15.9 kwa wanaume na 15.0 kwa wanawake, kiasi kisichotofautiana sana na cha watu wa usawa wa bahari, na oksijeni ya asilimia 95 katika damu. Hao ni watu ambao mababu zao wameishi juu sana kwa maelfu ya miaka, na kanuni moja ya dunia nzima huenda ikawakosea. Kwa Usangi, iliyo katika mwinuko wa wastani, onyo hilo linamaanisha kwamba gramu 0.8 ichukuliwe kuwa ni makadirio ya watu wengi. Haimaanishi kwamba sifuri ni makadirio bora zaidi.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo linatoka Pemba. Mwaka 2006 Sunil Sazawal na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililowapa watoto wadogo wa kisiwa hicho chuma na asidi ya foliki kila siku bila kuwachagua, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu waliopewa chuma walilazwa hospitalini au kufariki kwa wingi zaidi, kwa kadiri ya asilimia 12, kuliko ambao hawakupewa. Wapo watakaosema basi kwamba kushusha kipimo cha milimani ni kuongeza idadi ya watoto watakaopewa chuma, na kwa hiyo ni hatari. Ndani ya jaribio lile lile, hata hivyo, kikundi kidogo kilichopimwa damu kwanza kilionyesha kwamba watoto waliokuwa wamepungukiwa na chuma na damu kwa kweli walinufaika. Somo la Pemba linaangukia kwenye usahihi wa kupima kabla ya kutoa dawa, pamoja na kupima malaria, na kipimo kisichojali mwinuko kina makosa hata kabla ya dawa kuguswa.

Kinachohitajika si mashine mpya. Mwinuko wa kila zahanati ni nambari moja isiyobadilika, inayoweza kuandikwa mara moja kwenye ukuta wa chumba cha maabara pamoja na kiasi cha kutoa, na kadi ibebe nambari mbili, iliyopimwa na iliyorekebishwa, ili mama anayeshuka kujifungulia Moshi asomwe sawasawa na daktari wa huko. Ikumbukwe pia kwamba kinachohesabiwa ni mahali mtu anapoishi, si mahali anapopimiwa, kwa kuwa chembe nyekundu huishi takribani siku 120 na damu ya mfanyabiashara aliyeshuka jana kutoka Kindoroko, juu milimani, bado ni damu ya Kindoroko.

Yule mama wa 12.5 atapimwa kwanza malaria, ataulizwa kuhusu wingi wa hedhi na atachunguzwa minyoo ya safura, na inapowezekana atapimwa feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma, ambayo kwa mtu mzima asiye na maambukizi ikiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita huthibitisha upungufu. Akipewa chuma na kukitumia, himoglobini inayopanda kwa gramu 1 au karibu yake baada ya wiki nne itathibitisha kwamba figo ilikuwa imeagiza na uboho ulikuwa unangoja malighafi. Akiwa amekitumia kweli, havuji damu, hana maambukizi, na nambari haisogei, kitakachofuata ni kupima kreatinini ili figo zenyewe ziangaliwe, kwa sababu katika ugonjwa sugu wa figo seli zinazotoa erithropoetini hugeuka kuwa za kovu na kupunguza agizo. Kwa wagonjwa wa aina hiyo vipo sasa vidonge vinavyokalia nafasi ya oksoglutareti ndani ya PHD na kuifanya seli iliyobaki iamini kwamba iko mahali pa juu zaidi. Cha kwanza, roksadustati, kiliidhinishwa China mwaka 2018, na madaktari wanaovitumia huiongeza himoglobini polepole na kwa kikomo, kwa kuwa damu inayozidi kuwa nzito huleta hatari ya kuganda.